Mwanga uliobanwa: kagueni upotevu kabla ya kununua fuwele

"Chanzo chetu kinatoa mwanga uliobanwa kwa desibeli 10, lakini kelele ya interferomita imeshuka kwa desibeli 4 tu. Je, fuwele ya kufikisha desibeli 15 itatusaidia?"

Haitawasaidia, na huenda ikawaharibia hata hizo 4.

Mwaka 1981 Carlton Caves alionyesha kwamba kelele ya fotoni katika interferomita, kifaa kinachopima kwa kulinganisha miale miwili ya mwanga, husababishwa na ombwe, yaani uga wa mwanga unaoyumba hata pasipo fotoni, linaloingia kupitia mlango wa giza wa kigawa mwanga. Ombwe la kawaida huyumba kwa kiasi kilekile katika vijenzi viwili vya wimbi, cha ukubwa na cha awamu. Tunapolibana, tunapunguza kuyumba kwa kijenzi kinachochafua kipimo, na kingine huongezeka, kwa sababu zao lao haliwezi kushuka chini ya kikomo cha Heisenberg. Kelele haifutwi, bali inahamishiwa mahali tusikosoma.

Wanaouza desibeli huwa hawasemi kwamba kila fotoni inayopotea njiani, iwe kwenye lenzi, kwenye vioo visivyolingana vizuri au kwenye kigunduzi, nafasi yake huchukuliwa na ombwe la kawaida. Ikiwa η ni sehemu ya mwanga inayofika na V ni kelele ikilinganishwa na ile ya ombwe, basi:

```
V' = ηV + (1 − η)
```

Tuchukue upotevu wa asilimia 30, ambao unaafikiana na matokeo yenu. Desibeli 10 ni V ya 0.1, hivyo mnabaki na 0.37, yaani desibeli 4.3. Mkifika desibeli 15 mtapata kama 4.9 tu, ilhali mkipunguza upotevu hadi asilimia 15 kwa chanzo hichohicho, mtapata 6.3.

Hayo ni kabla ya mtikisiko wa awamu. Pembe ya kubana ikiyumba kwa radiani 0.1, ambayo ni karibu nyuzi 6, sehemu ya kile kijenzi kilichovimba humwagikia kipimo. Chanzo cha desibeli 10 kitawaachia takriban 3.6, na cha desibeli 15, ambacho kijenzi chake cha pili kimevimba zaidi ya mara 31, kitawaachia 2.7. Ongezeni taratibu nguvu ya pampu, yaani leza inayoendesha fuwele: kelele ikishuka kisha ikatulia, tatizo ni upotevu, ikishuka kisha ikaanza kupanda, tatizo ni awamu.

Nasikitika kuona maabara zikitumia fedha kwa takwimu iliyopimwa hatua chache kutoka kwenye fuwele. Desibeli 15 zilipimwa maabarani huko Hannover, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016, lakini LIGO, mradi wa Marekani wa kugundua mawimbi ya mvutano, ilipoanza kutumia mwanga uliobanwa katika uchunguzi wake wa mwaka 2019, ilipata kati ya desibeli 2 na 3. Anayewapa takwimu ya chanzo mwombeni pia upotevu wa njia nzima na mtikisiko wa awamu, na asipokuwa nazo msinunue.