Andika na swali pia: kumhoji shahidi kupitia mkalimani

Wapelelezi wapya, hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyotolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ina fundisho lenu. Baadhi ya mashahidi walisema mahakamani mambo yaliyotofautiana na maelezo yao ya awali. Majaji walieleza kwamba mahojiano mengi yalifanyika kwa Kinyarwanda, nao walikuwa na tafsiri tu. Hawakuweza kujua maswali yaliulizwaje, wala kama mkalimani alifikisha sawasawa. Hivyo maelezo hayo hawakuyapa uzito sawa na ushahidi uliotolewa mbele yao.

Sasa chukulia wizi wa ng'ombe, na shahidi ni mama anayezungumza Kimaasai tu. Unauliza, "Ulimwona akiwatoa zizini?" Mkalimani na mama wanazungumza dakika nzima, kisha unaambiwa, "Ndiyo, anasema alimwona." Usiandike bado. Dakika nzima haiwezi kuwa neno moja. Mwombe mkalimani, kwa upole, amwache mama arudie sentensi mbili tatu kwa wakati mmoja, na kila kipande akitoe kama kilivyo, kwa "mimi" ya mama mwenyewe. Huenda ukasikia: "Asubuhi nilimwona karibu na lango. Mwanangu ndiye aliyeniambia kwamba usiku aliwatoa ng'ombe." Sasa unajua alichokiona kwa macho na alichoambiwa, na unajua kwamba huyo mwana naye ahojiwe. Lile "anasema alimwona" lingekuficha yote mawili.

Andika swali lako pamoja na jibu. Mkalimani akihitaji kumuuliza mama kitu ili aelewe, akuambie kwanza, na hilo nalo liingie kwenye maelezo. Mama akisita, akijipinga au akitumia lugha kali, iachwe hivyo hivyo. Wakalimani wengi hunyoosha maneno kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo tunapopoteza ushahidi.

Kabla ya kuanza, waache wazungumze kidogo mambo ya kawaida mbele yako, uone kama wanaelewana, kisha muulize kila mmoja kando kama ana undugu au ugomvi na wahusika. Mimi simtumii jirani wa mlalamikaji hata kama ndiye pekee aliye karibu, naahirisha. Wakati wa kuhoji, mtazame na umsemeshe mama, si mkalimani.

Mwisho, mkalimani amsomee mama maelezo yote kwa Kimaasai, polepole, naye arekebishe anachotaka. Marekebisho yaandikwe yaonekane, bila kufuta ya mwanzo. Mama atie sahihi au dole gumba, na mkalimani naye atie sahihi chini ya jina lake, lugha aliyotafsiri na uthibitisho kwamba alimsomea. Mkiwa na kinasa sauti, kiwake tangu salamu, na sauti ihifadhiwe pamoja na jalada.