Kanuni kwa Kiswahili, mifano kwa Kijerumani

Nafundisha Kijerumani hapa Moshi. Wanafunzi wangu wengi ni waongoza watalii na wapagazi wanaotaka kupanda daraja, na karibu wote wanakwama mahali pamoja: wanapotaka kusema kitu kiko wapi au kinakwenda wapi. Kwa kanuni hii nimeacha kabisa kueleza kwa Kijerumani. Maelezo yote natoa kwa Kiswahili, ila sentensi za mfano hazitafsiriwi. Zinabaki ubaoni kama Mjerumani angezisema, na hata mwanafunzi akiniomba tafsiri simpi. Nitaeleza kwa nini, kwa mwalimu mwenzangu au kwa yeyote anayejisomea.

Tazama jozi hizi mbili.

Wir gehen in den Regenwald.
Wir sind im Regenwald.

Der Affe springt auf den Baum.
Der Affe sitzt auf dem Baum.

Ya kwanza ni sisi tunaingia kwenye msitu wa mvua, kisha tumo ndani yake. Ya pili ni mbega wa pale juu ya geti la Marangu, anarukia mti, kisha amekaa juu yake. Ukizitafsiri kwa Kiswahili, neno la mahali halibadiliki: tunaingia msituni, tumo msituni, ameruka mtini, amekaa mtini. Kiswahili kinaacha kitenzi kibebe kazi yote. Kijerumani kinabadilisha kineno kidogo kilicho mbele ya nomino, *den* au *dem* (na hiyo *im* ni *in dem* zilizounganishwa). Kwa hiyo mwanafunzi akiandika tafsiri pembeni, anakuwa amefuta kile kitu chenyewe alichokuja kujifunza. Jioni akifungua daftari atasoma upande wa Kiswahili, ataelewa kila kitu, na *den* na *dem* hatakuwa ameziona.

Ndiyo maana mifano haiguswi. Lakini ina sharti: kila neno ndani yake liwe limeshajulikana. Kama mtu hajui *Baum*, nachora mti, au nanyoosha kidole dirishani. Neno jipya na kanuni mpya visikutane kwenye sentensi moja, maana hapo utalazimika kutafsiri tu.

Naanza na nomino za *der* peke yake, yaani zile ambazo kamusi inazipa *der*, si *die* wala *das*: Baum, Regenwald, Rucksack, Bus, Park. Za *die* zinasubiri, nitaeleza baadaye. Pia naepuka sentensi zenye mtendwa. Ukiandika *Ich lege den Schlafsack in den Rucksack* siku ya kwanza, kuna *den* mbili na kila moja ina sababu yake. Darasa zima litashika ile isiyohusika.

Baada ya kuandika jozi, nauliza kwa Kiswahili: nini kimebadilika? Wanaona haraka. Kisha nauliza kwa nini, na hapa jibu la kwanza huwa lilelile: "Mwalimu, hapa kuna mwendo, pale hakuna." Vitabu vingi na walimu wengi husema hivyohivyo. Basi naongeza sentensi ya tatu:

Wir wandern im Regenwald.

Watu wanatembea kutwa, jasho linawatoka, na bado ni *dem*. Kanuni ya mwendo imeanguka.

Kuirekebisha ndiko kunakohitaji lugha tunayofikiria nayo. (Nyumbani wengi wetu tunasema Kichaga, lakini ubishi wa darasani tunaufanya kwa Kiswahili.) Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kubishana kwa Kijerumani kuhusu mpaka wa mahali, na asipobishana atakariri tu. Kwa hiyo nawapa swali moja la Kiswahili: kabla ya tendo kuanza, huyu mtu alikuwa ameshafika pale? Kama hakuwapo, na tendo ndilo linalomfikisha, ni *den*. Kama alikuwapo tangu mwanzo, hata akimbie, ni *dem*. Mkiwa getini hamjaingia msituni: *in den Regenwald*. Mkiwa mnaelekea kibanda cha Mandara huku miti imewazunguka pande zote, mnatembea mkiwa ndani: *im Regenwald*.

Ukitaka kujua kama wameelewa, usiwaombe tafsiri. Waombe wachore. Naandika *Der Affe springt auf den Baum*, wanachora mshale unaoishia mtini. Naandika *Der Affe springt auf dem Baum*, na anayeelewa atachora mbega anayerukaruka juu kwa juu, mshale ukianzia mtini na kuishia mtini. Sentensi zote mbili ni sahihi, tofauti ni herufi moja, na hakuna neno la Kiswahili lililoingia kati.

Makosa yatakuja, ila yako ya namna mbili na dawa zake ni tofauti. Mtu akisimama getini akasema *Wir gehen jetzt im Regenwald*, kanuni haijamkaa. Mrudishie lile swali la Kiswahili. Akisema *in der Regenwald*, huyo huenda kanuni anaijua vizuri, amechukua tu neno kama lilivyo kwenye kamusi. Ukimweleza kanuni tena unamchosha. Anachohitaji ni kusoma mifano kwa sauti mpaka mdomo uzoee *in den, im, auf den, auf dem*. Nimeona walimu wakieleza upya kila kosa linapotokea, na darasa linazidi kusinzia.

Za *das* nazileta zikishakaa za *der*, na hazisumbui: *vor das Zelt*, mbele ya hema ukiwa unakwenda kuweka kitu, *vor dem Zelt*, kikiwa kimeshawekwa. Ile *dem* wanaijua tayari. Za *die* ndizo za mwisho, kwa sababu hii:

Wir gehen in die Hütte.
Wir schlafen in der Hütte.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba *der* ni alama ya Baum na Bus anaiona sasa mbele ya Hütte, kibanda cha kulala, ambacho ni cha *die*. Anadhani nimekosea ubaoni. Ukiileta mapema unavuruga vyote viwili; ukiileta akiwa ameshazoea kwamba kineno hicho hubadilika, anauliza swali moja na anaendelea. Swali la majaribio ni lilelile: kabla ya kulala, tulikuwa tumeshaingia ndani? Ndiyo. Basi *in der*.

Jambo moja silikubali ni kuchanganya lugha ndani ya mfano, *Affe amekaa auf dem mti*. Inachekesha na inaonekana kama msaada, lakini *mti* hauna *der* wala *die*, kwa hiyo hiyo *dem* imening'inia hewani. Kiswahili kikae kwenye maelezo, Kijerumani kwenye mfano, na mstari kati yao.

Mwisho, wape mipaka ya kanuni siku hiyohiyo. Inahusu vihusishi tisa tu: *an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen*. Nimevibandika ukutani. Bila orodha hiyo, mwanafunzi mwerevu ataipeleka kanuni kila mahali, atasema *Wir fahren mit den Bus* kwa kuwa basi linawapeleka mahali wasipokuwapo. Lakini *mit* haimo kwenye tisa, na yenyewe kwa nomino za *der* na *das* huchukua *dem* siku zote: *mit dem Bus*. Vilevile *zu*: *Wir gehen zum Tor*, tunakwenda getini, hatujafika, na bado ni *dem*, maana *zum* ni *zu dem* zilizounganishwa. Anayebisha hapo kwa kutumia lile swali langu nampongeza, kisha namwonyesha ukuta.