Re: Pengo la hatifungani na mfumuko wa bei

"Hatifungani ya kawaida ya miaka 10 inalipa 4.3%, iliyofungwa kwenye mfumuko wa bei 2.0%. Kwa hiyo soko linatarajia mfumuko wa 2.3%?"

Karibu, ila si moja kwa moja. Hiyo 2.3% ni mstari wa kutopata wala kupoteza: mfumuko ukizidi hapo kwa wastani wa miaka 10, mwenye hatifungani iliyofungwa ndiye aliyefaidi. Ukipiga hesabu kamili, 1.043 ÷ 1.020 − 1, unapata kama 2.25%. Tofauti ni ndogo, usihangaike nayo.

Tatizo liko kwingine. Ndani ya pengo hilo kuna matarajio, kuna nyongeza anayodai mwenye hatifungani ya kawaida kwa hofu ya mfumuko kumshtukiza, na kuna punguzo kwa sababu zile zilizofungwa huuzika kwa shida zaidi. Nyongeza hulipanua pengo, ugumu wa kuuza hulibana.

Angalia Marekani mwishoni mwa 2008. Pengo la miaka 10 lilishuka hadi karibu na sifuri. Hofu ya bei kushuka ilikuwepo, lakini muongo mzima bila mfumuko? Wengi walikuwa wakizitupa TIPS, hatifungani za huko zilizofungwa kwenye mfumuko, ili wapate fedha taslimu, huku wakigombea hatifungani za kawaida. Pengo likaporomoka kuliko matarajio yenyewe.

Kwa hiyo pengo likibadilika ghafla, tazama ni upande upi uliosogea. Kama mapato ya zilizofungwa yamepanda huku ya kawaida yakishuka, na masoko yamo kwenye taharuki, shuku uuzaji wa dharura kwanza.