Thamani aigeni ikitoka hasi, pima kwanza makosa ya desimali

Hapa Mbeya huwa nawasaidia wanafunzi wa shahada ya pili wanaochambua takwimu za mvua. Kuna swali halikauki: "Mwalimu, matriki yangu ya uhusiano imetoa thamani aigeni hasi. Data zangu zimeharibika?" Usitupe chochote bado. Kwanza uliza kama jedwali ulilotumia lilikuwa limekadiriwa.

Chukua mfano wa kubuni wa vituo vitatu. Mbeya mjini na Tukuyu uhusiano ni 0.90, Mbeya mjini na Mbozi 0.90, Tukuyu na Mbozi 0.60. Ukikokotoa utapata 2.6077, 0.4 na −0.0077. Hiyo ya mwisho haikubaliki, kwa sababu matriki halisi ya uhusiano haiwezi kuwa na thamani aigeni iliyo chini ya sifuri.

Anayetuokoa hapa ni Hermann Weyl, kwa matokeo yake ya 1912. Matriki linganifu A ikiongezewa matriki linganifu E, panga thamani aigeni za kila upande kuanzia kubwa hadi ndogo. Kisha, kwa kila nafasi k:

```
λk(A) + λmin(E) ≤ λk(A+E) ≤ λk(A) + λmax(E)
```

Yaani ya kwanza inalinganishwa na ya kwanza, ya mwisho na ya mwisho, na hakuna inayosogea kupita ukubwa wa E. (Mpangilio ndio kila kitu, ukichanganya nafasi, huna kikomo chochote.)

E yetu ni makosa ya kukadiria. Kwenye ulalo hakuna kosa, kwani 1 ni 1 kamili. Kwingine namba zimekadiriwa kwa desimali mbili, kwa hiyo kosa halizidi 0.005, na kila mstari una makosa mawili. Thamani aigeni za E haziwezi kuzidi jumla kubwa kabisa ya mstari, ukipuuza alama za kutoa, kwa hiyo kikomo ni 0.01. Thamani ndogo ya kweli basi iko kati ya −0.0177 na 0.0023, na kwa kuwa haiwezi kuwa hasi, ni kati ya 0 na 0.0023. Jaribu mwenyewe: weka 0.895, 0.895 na 0.604, ambazo zote zingekadiriwa kuwa namba zetu, na ile ndogo inakuwa takriban 0.0007. Hasi imetoweka.

Usiipeleke kanuni hii kwenye matriki isiyo linganifu. Yenye mistari (0, 1) na (0, 0) ina thamani aigeni sifuri tupu. Badilisha sifuri ya chini kushoto iwe 0.0001, zinaruka hadi 0.01 na −0.01, mara mia ya ulichoongeza. Vekta aigeni nazo hazilindwi hata kwenye matriki linganifu: thamani mbili zikikaribiana sana, vekta zake zinaweza kugeuka kabisa.

Je, kwa vituo hivi vitatu ungepata −0.03? Desimali haziwezi kufika huko. Mimi ningekagua kwanza siku zisizo na vipimo, maana mara nyingi kila jozi ya vituo imekokotolewa kwa siku zake tofauti.