Jina la kanga linakaa wapi ikifungwa kiunoni?

"Nimemvisha mdada kanga kwenye edit, anatuangalia, jina nimeliweka mbele katikati ila linaonekana kama stika, nakosea wapi?"

Jina halikai mbele. Kanga unaizungushia nyuma, ncha mbili zinakuja mbele moja juu ya nyingine unachomeka, na jina liko katikati ya upande mrefu, juu kidogo ya pindo la chini, kwahiyo linaangukia nyuma. Mbele weka pindo la upande mfupi likishuka wima toka kiunoni, likutane kona na pindo refu linalozunguka miguuni. Kuna mtu hapa kasema flip picha, yuko nusu sawa, pindo litahama upande ila kama jina linaonekana litasomeka kinyumenyume.

Mikunjo inaanzia pale alipochomeka inashuka mshazari. Kwenye Photoshop, pinda pindo kwa Warp kwanza, ndo Displace, kivuli leya ya juu kabisa kwenye Multiply. Ukiona kivuli kimepinda na pindo limenyooka kama rula, ndo stika hiyo.

"Mi shangazi yangu jina huwa linamkalia ubavuni lakini."

Kavuta ncha moja ndefu zaidi huyo, inatokea, ila hapo herufi za pembeni zimezwe na mkunjo.