Sura ya kijani kwenye kamera ya kompyuta

"Wakuu nikiingia Meet kwa Chrome sura yangu yote kijani, saa nyingine zambarau, msaada"

Mkuu usikimbilie kununua kamera mpya, fungua kwanza programu ya Camera ya Windows, rangi zikiwa poa huko basi kamera ni nzima, tatizo ni Chrome inavyoipa kadi ya picha kazi ya video. Andika chrome://settings/system, zima Use graphics acceleration when available, bonyeza Relaunch, ila mashine itachemka zaidi kwenye vikao virefu maana prosesa ndo inabeba mzigo wote. Ukiona kijani hata kwenye Camera hapo nashuku draiva, ingia Device Manager, Cameras, Update driver, uchague mwenyewe kwenye orodha USB Video Device.