Uvimbe kichwani mwa kichanga: upi wa kungoja, upi wa rufaa

Mtoto wangu kazaliwa jana, kichwa kirefu na kina uvimbe laini kisogoni. Kwenye fomu wameandika "kawaida". Niamini?

Kwa unavyoeleza mama, ndiyo. Ni majimaji yaliyojikusanya chini ya ngozi kichwa kilipokuwa kikibanwa njiani. Unakuwepo tangu mtoto anatoka, unavuka maungio ya mifupa ya fuvu, na ukibonyeza, kidole kinaacha kishimo. Huisha ndani ya siku mbili hivi. Usiukande.

Uvimbe unaojitokeza saa kadhaa baadaye, upande mmoja, na kukomea mfupa unapoishia, ni damu. Huo huchukua wiki kadhaa na hautobolewi. Ila mtazame mtoto kila siku kwenye mwanga, maana damu hiyo ikivunjika huweza kuleta manjano.

Niko mafunzoni wodi ya wazazi. Mtoto alivutwa kwa vakyumu, uvimbe unaongezeka. Niandike nini?

Mdogo wangu, kwanza mwite daktari, kisha uandike. Neno "uvimbe" peke yake halimsaidii anayekupokea zamu. Andika saa, mzunguko wa kichwa, kama uvimbe unavuka maungio, rangi ya mtoto na mapigo ya moyo.

Chukua mtoto wa kilo 3. Damu yake yote ni kama mililita 240. Saa 2 asubuhi kichwa kilikuwa sentimita 34, saa 4 kimefika 36. Kila sentimita inayoongezeka hukadiriwa kuwa mililita 40 za damu, kwa hiyo 80 zimeshamwagikia chini ya ngozi ya kichwa. Hiyo ni theluthi ya damu yake, na nje hujaona hata tone.

Mkononi uvimbe huu unateleza kama mfuko wa maji usiojaa. Unashuka kuelekea shingoni na nyuma ya masikio, hata sikio linasukumwa mbele. Ukiuhisi hivyo, usisubiri futi ikuthibitishie, futi huchelewa. Akishapauka, mapigo yakazidi 160 au pumzi zikafika 60 kwa dakika, amepoteza damu nyingi tayari. Mpe joto, hakikisha alichomwa vitamini K, mshipa uwekwe, na rufaa iende mahali penye damu ya kuongezea.

Binti yangu wa siku 4 ana tone la damu kwenye nepi, itokayo ukeni. Bibi yake anasema kakandwa vibaya.

Hakuna aliyekosea. Homoni zako zinamtoka mwilini, na damu hiyo hukoma baada ya siku chache. Ikiwa nyingi, au ikitoka kitovuni au kwenye choo, mpeleke siku hiyo hiyo.

Mtoto ana saa 20, macho yanaonekana ya njano. Nimwanike juani?

Hapana, mpeleke hospitali sasa hivi. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza si ya kawaida, na jua si tiba yake. Anahitaji kupimwa damu na pengine kuwekwa chini ya taa maalumu. Mkiwa njiani endelea kumnyonyesha.